Namba ya banda unayo, banda lenyewe hulioni

Watu wengi wanaozunguka kwenye maonesho bila kufika wanakotaka wamepewa namba sahihi kabisa. Wamekosea sehemu moja tu ya hiyo namba. Namba ya banda ni anwani, na husomwa kutoka kwenye pana kwenda kwenye dogo. Ukiandikiwa B-214, mara nyingi B ni hema au ukumbi, ile 2 ya mwanzo ni njia ya pili ndani ya hema hilo, na 14 ni nafasi katika njia hiyo. Haina maana kwamba kuna mabanda 213 mengine ya kupita kabla hujafika. Nimeshawaona watu wakikata tamaa getini kwenye viwanja vya Furahisha, Mwanza, kwa sababu wamesikia "mia mbili na kumi na nne" wakadhani wana safari ndefu, kumbe wako hatua chache tu.

Kwa hiyo ukikwama, usianze kuuliza kila banda. Jiulize kwanza ni sehemu ipi ya anwani imekataa. Dalili unayoiona ndiyo itakayokuambia.

Dalili: hakuna namba yoyote inayofanana na yako

Unaona C-05, C-06, D-11, au unaona mabanda yenye majina ya halmashauri tu bila namba, na wewe umeshika B-214. Hapa tatizo ni kubwa kuliko mstari au njia. Ama hauko kwenye hema lako, ama hauko kwenye uwanja wako, ama ramani uliyonayo si ya maonesho haya.

Mwanza ina viwanja vinavyochanganywa. Maonesho ya wakulima, wafugaji na wavuvi ya Nanenane hufanyika Nyamhongolo, upande wa barabara ya Musoma, na kilele chake ni tarehe 8 Agosti. Maonesho ya biashara yamezoeleka kuwekwa mjini, kwenye viwanja vya Furahisha pale Kirumba au jirani na Rock City Mall. Mtu akikuandikia "tupo maonesho, banda B-214" bila kutaja uwanja, mwulize kabla hujapanda daladala. Kutoka Furahisha mpaka Nyamhongolo si mahali pa kwenda kwa mguu.

Ukishahakikisha uwanja, angalia ramani. Waandaaji huchora ramani mapema ili kuuza nafasi, halafu huibadilisha kadiri washiriki wanavyolipa au kujitoa. Picha ya ramani inayozunguka kwenye simu za watu inaweza kuwa ya mwaka jana, au ya wiki ambazo nafasi nusu zilikuwa hazijauzwa. Tafuta tarehe kwenye kona ya chini ya ramani, na uilinganishe na bango kubwa la getini. Kipimo cha haraka: chagua kitu ambacho hakihamishiki, kama vyoo vya kudumu, jukwaa kuu au geti la magari, uone kama kwenye ramani kiko mahali pale pale. Kisha chagua banda moja kubwa unaloliona kwa macho na usome namba yake. Vyote viwili vikikubali, ramani inafaa. Kitu cha kudumu kikikubali na namba ya banda ikakataa, uwanja ni huo lakini ramani ni ya zamani. Hapo iache ramani, ushike bango la getini.

Dalili: ramani inasema kushoto, wewe unaona ukuta

Ramani nyingi za maonesho hazichorwi kaskazini ikiwa juu. Huchorwa geti kuu likiwa chini, kana kwamba unaingia kwa kupanda na karatasi. Ukiingia kwa geti hilo, kushoto kwa karatasi ni kushoto kwako. Ukiingia kwa geti la nyuma, lile ambalo bodaboda hupenda kushushia watu, kila kitu kimegeuka. Kushoto kwako ni kulia kwa ramani, na njia ya kwanza unayokutana nayo huenda ni ya mwisho kwenye karatasi.

Dawa yake ni kuigeuza karatasi, wala usijaribu kuigeuza kichwani. Simama getini, tafuta neno "geti" ulipoingilia, na zungusha ramani mpaka geti hilo liwe upande wa tumbo lako. Kwenye simu, funga kwanza ule uwezo wa picha kujizungusha, la sivyo kila ukigeuza simu na ramani inageuka nayo, unabaki pale pale.

Kama ramani ina mshale wa kaskazini, jua la asubuhi na la jioni linasaidia. Mchana halina msaada kwa anayelikadiria kwa macho. Mwanza ipo karibu nyuzi 2.5 kusini mwa ikweta, kwa hiyo saa sita jua linakaribia utosi, na kivuli chako kifupi hakikuonyeshi kitu cha uhakika. Saa kumi jioni ukilipa jua mgongo, umetazama mashariki kwa kiasi cha kutosha kusomea ramani.

Dalili: upo kwenye njia sahihi, lakini namba zinaruka

Hapa ndipo watu wengi hupotelea, na hapa ndipo ningependa usome taratibu.

Banda la kawaida lililotengenezwa kwa vipande vya kuunganisha lina mita 3 kwa mita 3. Mahema ya wazi yanaweza kuwa makubwa zaidi, mita 5 kwa 5, kwa hiyo pima moja kabla hujaanza kuhesabu. Hatua ya mtu mzima ni kama sentimita 75. Banda la mita 3 ni hatua 4. Mabanda hupangwa yakipeana migongo, na njia ya watu hupita kati ya safu mbili zinazotazamana. Swali ni namba zimepandaje kwenye safu hizo mbili, na zipo namna mbili zinazotumika sana.

Namna ya kwanza ni shufwa na witiri, kama nyumba za mtaani: 201, 203, 205 upande mmoja, na 202, 204, 206 upande wa pili. Ukisimama mbele ya 203 unaitafuta 214, vuka upande wa pili. 214 itakuwa ya saba kutoka mwanzo wa safu.

Namna ya pili ni ya kwenda na kurudi. Namba zinapanda upande mmoja mpaka mwisho wa njia, kisha zinageuka na kurudi upande wa pili. Njia yenye mabanda 20 itaanza 201 hadi 210 kushoto, halafu 211 ianzie kule mwisho kulia na kurudi mpaka 220, ambayo itatazamana na 201. Mtu aliyezoea namba za mtaani akiona 201 na 220 zikitazamana mlangoni hudhani bango limekosewa. Halijakosewa.

Ili kujua uko kwenye namna ipi, soma namba tatu tu: ya banda lililo mbele yako, ya jirani yake, na ya linalotazamana nalo. Jirani akizidi kwa 2, ni shufwa na witiri. Jirani akizidi kwa 1 na wa kutazamana akawa na namba ya mbali, ni ya kwenda na kurudi. Na namna hii ya pili ina siri moja yenye msaada mkubwa: jumla ya namba mbili zinazotazamana haibadiliki njia nzima. 201 na 220 ni 421. 202 na 219 ni 421. Kwa hiyo ukiitafuta 214, toa 214 kwenye 421, unapata 207. Nenda mpaka 207, geuka, 214 iko mbele ya macho yako hata kama haina kibao.

Sharti lake ni kwamba pande zote mbili ziwe na mabanda yenye upana sawa, na pasiwe na nafasi iliyoachwa kwa ajili ya mlango wa pembeni au nguzo. Ukijaribu jozi mbili na jumla zikatofautiana kwa 1 au 2, kuna pengo mahali fulani kati ya jozi hizo. Tembea ulitafute kwa macho, kwa sababu kuanzia pale hesabu imesogea.

Tuipitie B-214 hatua kwa hatua

Chukulia mama anayeuza dagaa Mwaloni, Kirumba. Anamtafuta fundi anayetengeneza makaushio ya dagaa ya jua, na fundi amemwandikia: "Karibu, tupo Hema B, banda 214." Mama ameingia, ameliona Hema B, ameifuata njia ya pili. Kushoto mlangoni ni 201, kulia ni 220. Anapita upande wa kulia: 219, 218, 217, 216, 215. Baada ya 215 kuna banda kubwa lenye meza nyingi na watu wengi, na kibao anachokiona mwisho wake kinasema 212. Kisha 211, na njia imeisha. 214 haipo, 213 haipo.

Anarudi mlangoni, anahesabu upya. Kijana wa kuongoza wageni anamwona.

"Shikamoo mama. Unatafuta nani?"

"Marahaba mwanangu. Natafuta 214, naona wameiruka."

"Haijarukwa mama. Hebu simama pale kwenye 207, kisha ugeuke."

Mama anatembea hatua 24 kutoka katikati ya 201 mpaka katikati ya 207, yaani mabanda 6, mita 18. Akigeuka, anatazamana na ubavu wa lile banda kubwa. Kwa hiyo 214 ipo: imemezwa. Mshiriki mmoja amelipia nafasi tatu, 212, 213 na 214, akaondoa kuta za katikati, na fundi wa vibao akabandika namba moja tu, ile ndogo kuliko zote. Mama aliingilia upande wa namba kubwa, kwa hiyo kibao cha 212 kilikuwa mwisho wa banda, mita 9 kutoka pale alipokuwa anakitazamia cha 214.

Namna ya kuhakikisha ni kupima uso wa banda kwa hatua. Hatua 12 ni mita 9, ni nafasi tatu. Hatua 8 ni nafasi mbili. Idadi ya nafasi ikilingana na idadi ya namba zilizopotea pamoja na ile iliyobandikwa, umemaliza kazi. Hapa zimepotea 213 na 214, imebaki 212: tatu kwa tatu. Kwenye ramani nzuri utaona pia kwamba mistari ya kutenganisha nafasi hizo imefutwa, na kuna kisanduku kimoja kirefu chenye namba moja ndani.

Bado fundi mwenyewe haonekani, kwa sababu bango la juu lina jina la taasisi, na mama hajui taasisi hiyo. Hilo ni tatizo jingine, nalo lina dalili yake.

Dalili: banda umelipata, jina si lake

Kwenye maonesho yetu mjasiriamali mdogo mara nyingi hakodi banda. Hupewa meza ndani ya banda la mwenyeji: halmashauri yake, SIDO, chuo cha VETA, benki anayokopa, au chama chake. Kwenye orodha ya washiriki jina linaloandikwa ni la mwenyeji, kwa sababu ndiye aliyelipia nafasi. Ukitafuta jina la fundi kwenye orodha hutalipata, hata uisome mara ngapi.

Kwa hiyo kabla hujaondoka nyumbani muulize unayemtafuta maswali mawili: "Bango la juu limeandikwa nini?" na "Mmepewa nafasi na nani?" Majibu hayo yana thamani kuliko namba, maana bango linaonekana kutoka mbali na kibao cha namba hufunikwa na vitenge, puto au spika. Ukishaingia kwenye banda la mwenyeji, usiishie mbele. Meza za mbele huwa za vitu vya kupendeza macho. Mashine na makaushio huwekwa nyuma, au nje kabisa ya hema kwenye uwazi, kwa sababu yanahitaji jua au yanatoa kelele. Mama wa dagaa angemkuta fundi wake nyuma ya hema, kwenye jua, na namba yake bado ingekuwa 214.

Kuna jina la biashara na jina la usajili pia. Mtu anayejulikana sokoni kwa jina moja anaweza kuwa amejiandikisha kwa jina la kampuni ambalo wateja hawajawahi kulisikia. Ukisoma orodha iliyopangwa kwa herufi, jaribu yote mawili.

Ukikuta namba sahihi, kibao sahihi, na mtu tofauti kabisa anayeuza kitu tofauti, basi amehamishwa. Hilo hutokea siku ya kwanza na ya pili, pale mtu anapokuta hakuna umeme kwenye nafasi yake au maji yanaingia. Mwulize jirani wa pande zote mbili kabla ya kurudi kwa waandaaji. Jirani aliona akibeba meza. Angalia pia namba zenye herufi nyuma, kama 214A. Hizo ni nafasi zilizoongezwa baada ya ramani kuchorwa, na huwa hazina mahali karibu na 214 pa kukaa. Zitafute kwenye kona za njia na karibu na milango, palipokuwa na uwazi.

Dalili: simu inasema umefika

Unayemtafuta amekutumia alama ya mahali alipo, umeifuata, na umesimama mbele ya mgongo wa banda. Simu haijaharibika. Penye anga wazi simu ya kawaida hukosea kwa takriban mita 5, na chini ya paa la bati hukosea zaidi. Banda lina mita 3. Kwa hiyo alama hiyo inaweza kukufikisha kwenye hema, haiwezi kuchagua kati ya mabanda mawili yaliyopeana migongo, na hayo yako kwenye njia mbili tofauti. Ukijikuta mgongoni, usizunguke hema zima. Soma namba ya njia uliyopo. Kama ni njia ya 3 na wewe unatafuta 2, pita kwenye njia ya kukatisha iliyo karibu nawe, urudi upande wa pili. Ombi zuri zaidi kwa mwenyeji wako ni picha iliyopigwa akiwa ndani ya banda akitazama nje. Utaona aliyeko mbele yake, na huyo ni rahisi kumtambua.

Kwa wanaofunga safari ya Guangzhou

Wafanyabiashara wa Mwanza wanaokwenda kwenye maonesho ya Canton hukutana na namba ndefu zaidi, na kosa moja linajirudia. Chukua 9.1A12. Ile 9 ni ukumbi, 1 baada ya nukta ni ghorofa, A ni njia, 12 ni nafasi. Tatizo ni kwamba eneo zima la maonesho nalo limegawanywa kwa herufi: eneo A lina kumbi 1 mpaka 8, eneo B lina 9 mpaka 13, C lina 14 mpaka 16, na D lina 17 mpaka 20. Mtu akiiona A katikati ya namba anakwenda eneo A, na ukumbi wa 9 uko eneo B. Soma tarakimu ya mbele kwanza. Hiyo ndiyo inayokupa eneo. Herufi iliyo katikati isubiri mpaka uwe ndani ya ukumbi.

Ukiona 9.1A12-13, B08-09, mshiriki huyo ameshika nafasi zinazotokea njia mbili, A na B. Ingia upande wowote.

Na kuna awamu. Maonesho hayo hufanyika mara mbili kwa mwaka, na kila msimu una awamu tatu za siku 5 zenye bidhaa tofauti. Awamu ikiisha, mabanda hubomolewa na washiriki wapya huingia kwa namba zile zile. Kadi uliyopewa na muuza injini za boti kwenye awamu ya kwanza itakupeleka kwa muuza mapazia kwenye awamu ya tatu, na hakuna aliyekosea. Andika awamu na mwaka nyuma ya kila kadi unayopokea, siku ile ile.

Ukifika meza ya maulizo

Usiulize "214 iko wapi?" Wao wana ramani ile ile. Waambie umesimama wapi, umeona namba zipi pande zote mbili, na umekosa ipi: "Nipo Hema B, njia ya pili, naona 215 halafu 212." Kwa sentensi hiyo mtu wa sekretarieti anajua papo hapo kwamba anatakiwa kufungua orodha ya waliounganisha nafasi, wala si ramani. Kama dalili yako ni ya kuhamishwa, omba orodha ya malipo iliyosahihishwa siku hiyo, na utaje jina la mwenyeji kabla ya jina la unayemtafuta.